Soksi, Jasho na Malengelenge ya Mwanafunzi

Wasomaji wetu waheshimiwa, na hasa akina mama mnaofua, mnaoanika na mnaovisha, juma hili twaomba ruhusa tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho aghalabu hununuliwa bila ya kutazamwa mara mbili, nacho ni soksi. Lililotusukuma ni jambo lililotokea nyumbani kwetu, nasi tukaona si vyema kulifungia mlangoni.

Mjukuu wetu, binti wa miaka kumi na miwili, anasoma gredi ya saba upande wa Msambweni. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni mwendo wa kilomita tatu hivi, nusu njia ya mchanga na nusu ya lami, naye huenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu alasiri. Masika yalipoingia tulianza kumwona akirudi na viatu mkononi. Mama yake alipomvua soksi alikuta kisigino cha kulia kimechubuka, na lengelenge jingine limevimba nyuma ya kidole gumba. Hilo pekee lilikuwa la kutibiwa likesha. Lakini tulipomwuliza kuhusu sala ya adhuhuri shuleni aliinamisha kichwa, akasema, “Babu, nikichukua udhu soksi zinalowa, na zikilowa siwezi kutembea kurudi nyumbani. Kwa hiyo nangoja nije nisali hapa.” Na akifika, mara nyingine wakati wa adhuhuri umekwisha toka.

Hatukumkemea. Mtoto aliyewekwa baina ya sala na kidonda ana haki ya kuondolewa kidonda kwanza. Tukakaa na mama yake, tukazitandaza soksi mkekani, tukaanza kuzichunguza kana kwamba twazichunguza hesabu za duka.

Yafaa kwanza tuelewe lengelenge linavyotokea, kwa sababu wengi wetu twadhani ni kuchunwa tu kwa ngozi, kama mtu asuguavyo nazi kwenye mbuzi. Sivyo. Mtu anapopiga hatua, mfupa wa kisigino husogea mbele na nyuma ndani ya nyama. Ngozi ya nje ikiwa imenatana na soksi, nayo soksi imenatana na kiatu, basi ngozi ya nje hubaki pale pale ilhali mfupa wasogea. Matabaka ya ngozi yaliyo katikati huvutwa huku na huku kwa kila hatua, na baada ya hatua nyingi huachana. Pale yalipoachana huingia maji, na hilo ndilo lengelenge. Kwa hiyo adui mkubwa ni mnato.

Na mnato huo wategemea unyevu. Ngozi iliyo kavu kabisa huteleza juu ya kitambaa. Ngozi iliyofunikwa na maji tele nayo huteleza, kama mtu akanyagaye sakafu ya sabuni. Lakini ngozi iliyo na unyevunyevu, si kavu wala si chepechepe, ndiyo inayonata kuliko zote. Jaribuni wenyewe: pitisheni kidole kikavu juu ya meza, kisha kipitisheni tena kikiwa na jasho kidogo. Mara ya pili chakwama kwama. Mguu wa mtoto wa pwani, ndani ya kiatu cheusi kilichofungwa, katika hewa yetu hii nzito, hukaa katika hali hiyo ya katikati karibu siku nzima.

Tulipoifuatilia siku ya mjukuu wetu tulikuta unyevu ukimwingia kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni soksi zenyewe asubuhi. Alikuwa na jozi mbili tu. Zilifuliwa jioni na kuanikwa barazani, na wakati wa masika kamba ya barazani haikaushi chochote. Alfajiri zilikuwa baridi kwa kuguswa, na mama yake akidhani ni ubaridi wa usiku, kumbe ni maji. Njia ya pili ni jasho la mwendo. Njia ya tatu ni udhu. Sisi wa pwani, ambao wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, hatupangusi juu ya soksi nyembamba. Twaivua, twaosha mguu hadi vifundoni, na kupitisha maji baina ya vidole. Mtoto aliye na haraka ya kuwahi darasa huirudisha soksi juu ya mguu unaodondoka maji, akafunga kiatu.

Soksi zake zilikuwa nyeupe, nene, laini, na mama yake alizinunua kwa fahari kwa sababu muuzaji alimwapia kuwa ni pamba tupu. Hapa ndipo penye kosa ambalo wengi tunalifanya. Twajua kwamba pamba ni baridi, na kwamba kanzu ya pamba na leso ya pamba ni raha wakati wa kaskazi, basi twahukumu kuwa na soksi ya pamba itakuwa vivyo hivyo. Lakini leso yapigwa na upepo, nayo soksi imefungwa kiatuni. Pamba hunywa maji mpaka ndani ya uzi wake. Uzi huo ukishalowa hulegea na kulala. Ule unene laini uliokuwa kama mto wa kukanyagia hubanwa ukawa kitambaa kizito kilichogandamana na ngozi. Tena hukawia sana kukauka. Soksi ya pamba iliyolowa hutanuka, ikateremka kisiginoni na kujikunja mikunjo, na kila mkunjo ni ukingo wa kuivuta ngozi. Kisigino cha kulia cha mjukuu wetu kilikuwa na alama ya mkunjo huo waziwazi.

Nyuzi za kiwandani, yaani poliesta, nailoni na akriliki, zina tabia nyingine. Poliesta hainywi maji ndani ya uzi wake ila kiasi kidogo mno: gramu 100 zake, katika hewa ya kawaida, hazibebi hata gramu moja ya maji, ilhali gramu 100 za pamba hubeba gramu 7 au 8. Jasho hupita katika nafasi zilizo baina ya nyuzi, likatambaa hadi upande wa nje wa soksi, na soksi yenyewe hubaki na umbo lake. Ikianikwa hukauka upesi. Nailoni hunywa zaidi kidogo, lakini ni imara mno kwa msuguano, na ndiyo sababu mafundi huiweka kisiginoni na vidoleni hata katika soksi za pamba.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1990 madaktari wawili wa miguu wa Marekani, Herring na Richie, waliwapa wakimbiaji 35 wa masafa marefu soksi za akriliki na soksi za pamba zilizofumwa kwa namna moja, nene na zenye mto chini ya wayo, bila ya wakimbiaji wala wapimaji kujua ipi ni ipi. Soksi za pamba zilileta malengelenge maradufu kwa idadi, na makubwa zaidi mara tatu hivi. Lakini waadilifu hutaja na upande wa pili: miaka mitatu baadaye wataalamu hao walilinganisha pamba na akriliki katika soksi za ufumaji wa kawaida wa madukani, na faida ile ya akriliki haikuonekana tena. Funzo ni kwamba uzi peke yake hautoshi. Soksi nyembamba iliyofumwa ovyo, iwe ya uzi wowote, haina pa kulipeleka jasho wala haina mto wa kusogea badala ya ngozi.

Na nyuzi hizi zina aibu zake. Poliesta hushika harufu, na mtoto aliyeivaa siku mbili mfululizo atajulikana darasani. Tena ikiwa kiatu ni cha plastiki au ngozi bandia isiyopitisha mvuke, jasho hufika upande wa nje wa soksi likakosa njia ya kutokea. Hapo hakuna soksi itakayofanya muujiza, na dawa ni kubadilisha jozi katikati ya siku.

Tuje kwenye sufu, yaani manyoya ya kondoo. Mtu wa Diani akitajiwa soksi za sufu hucheka, kwani huona ni vazi la baridi ya Ulaya. Lakini sufu ina ajabu moja. Hunywa unyevu kuliko hata pamba: gramu 100 hubeba gramu 14 hadi 16 katika hewa ya kawaida, na yaweza kufika karibu theluthi ya uzito wake kabla mtu hajahisi kuwa imelowa. Mbona basi haiumizi mguu kama pamba? Kwa sababu hunywa mvuke na kuuweka ndani ya uzi, huku uso wa uzi wenyewe ukiyakataa maji, kama jani la mgomba linavyoyakataa. Tena uzi wa sufu umejipinda kwa asili yake, hivyo hata ukilowa huinuka tena kama springi badala ya kulala. Ngozi hubaki karibu na ukavu, na mto haupotei. Harufu nayo hukawia kuishika.

Hata hivyo twasema ukweli kuhusu hali zetu. Sufu nyembamba na laini, ile ya kondoo wa merino, ni ghali, na katika maduka ya Ukunda au Kwale mjini ni nadra. Hupatikana zaidi katika mitumba, kwa kuwa nchi za baridi huzitupa zingali nzima. Sufu nene ya kukwaruza haifai kwa joto letu. Na sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kwa nguvu hujifunga na kuwa ndogo, ikamtosha mdoli. Kwa anayekwenda safari ya mwendo mrefu, kwa mfano mama anayekwenda Hija na atakayetembea siku kadhaa, jozi mbili za sufu nyembamba zastahili fedha zake. Kwa mtoto wa shule mwenye kukua kila mwaka, hatuoni haja.

Basi mwenye kununua sokoni atajuaje alichokishika, na karatasi ya maelezo haipo au yasema uongo? Liko jaribio la kale la wafanyabiashara wa vitambaa. Ng’oeni nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya soksi, mzishike kwa koleo juu ya beseni la maji, watoto wakiwa mbali, kisha muziwashe kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, yanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini ya kijivu. Sufu huungua kwa kusitasita, moto ukiondolewa huzimika, na yanuka nywele zilizoungua. Kijiwe cheusi kinachobaki husagika kwa vidole. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha kijiwe kigumu kisichosagika. Soksi ya mchanganyiko huonyesha dalili mbili pamoja. Ng’oeni uzi wa wayo, wala msing’oe wa ukingo wa juu, kwa kuwa ukingoni huwa kuna uzi wa lastiki utakaowadanganya.

Tulifanya hivyo kwa soksi za mjukuu wetu, na muuzaji hakusema uongo: ni pamba. Tukamnunulia Ukunda jozi tatu za mchanganyiko, ambazo kwa maelezo ya karatasi yake zilikuwa na poliesta zaidi ya nusu, iliyobaki ikiwa pamba na nailoni kidogo, zenye vitanzi vidogo kama vya taulo upande wa wayo. Vidonda vilipopona hatukumvisha zote mara moja. Kwa siku nne tulimvisha mguu wa kushoto soksi ya zamani na wa kulia soksi mpya, ule wa kulia ukiwa ndio uliokuwa ukiumia zaidi. Alipofika nyumbani mama yake aligusa ngozi na kutazama wekundu. Siku ya pili kisigino cha kushoto, kilichokuwa kizima, kilikuwa chekundu, na cha kulia kimetulia. Jioni tuliwaanikia zote mbili kwenye kamba moja; tulipoamka kwa sala ya alfajiri ile mpya ilikuwa imekauka na ile ya pamba ingali na unyevu ukingoni na vidoleni.

Lakini siku ya nne hata mguu wa kulia ulianza kuwa mwekundu kidogo, nasi tukajua kuwa kuna jambo jingine. Tukatia kidole nyuma ya kisigino akiwa amevaa kiatu, na vidole viwili viliingia kwa raha. Kiatu kilinunuliwa kikubwa ili “akue nacho”. Wazazi, desturi hii twaifahamu, nasi pia tumelelewa nayo. Lakini kiatu kinachopwaya huinuka na kushuka kisiginoni kwa kila hatua, na soksi nzuri hupungukiwa na nguvu mbele yake. Kidole kimoja nyuma ya kisigino chatosha kuwa nafasi ya kukua. Tulitia kipande cha kitambaa kinene chini ya ulimi wa kiatu, tukafundisha namna ya kukaza kamba, na wekundu ukaondoka.

Likabaki suala la udhu. Tulimpa vitu viwili vya kubeba mkobani: taulo dogo la mkono na jozi ya pili ya soksi ndani ya mfuko. Akimaliza kutawadha hupangusa miguu yote miwili, na hasa baina ya vidole, ambapo unyevu ukikaa huleta pia fangasi. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wameona ni bora kuacha kujifuta maji ya udhu, ila palipo na haja, na kuzuia kidonda ni haja. Kisha husali bila soksi zile za asubuhi, miguu ikipata hewa chini ya buibui lake, na baada ya sala huvaa zile kavu. Za asubuhi hutundikwa zikakauka nyumbani. Sasa anaisali adhuhuri kwa wakati wake, na hilo ndilo tulilolitafuta.

Kwa mzazi ambaye hawezi kununua jozi mpya leo, iko njia ya kati. Mvisheni mtoto soksi nyembamba ya nailoni, ile inayoishia kifundoni ambayo akina mama huivaa, kisha juu yake soksi yake ya pamba. Msuguano utahamia baina ya soksi mbili, na ngozi itastarehe. Sharti ni kwamba kiatu kiwe na nafasi. Kikibana, soksi ya pili itazidisha balaa. Na kabla ya kuvaa, igeuzeni soksi muutazame mshono wa vidoleni. Ukiwa mnene kama kamba, ivalieni nje ndani.

Lengelenge likishatokea, msilichune. Ngozi iliyo juu yake ndiyo bandeji bora. Osheni kwa maji na sabuni, kausheni, funikeni kwa plasta safi. Likipasuka lenyewe, iacheni ngozi ilale mahali pake. Ukiona wekundu unatanda, joto, usaha, au mstari mwekundu unaopanda mguu, au mtoto ana homa, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na wazee wetu wenye kisukari wasingoje dalili hizo. Miguu yao huweza kupoteza hisia, wakatembea na kidonda bila kujua. Wao wavae soksi za rangi nyeupe au nyepesi ili damu au majimaji yaonekane, zisizo na ukingo unaokaza na kuacha alama, na kila usiku mtu wa nyumbani azitazame nyayo zao kwa taa. Lengelenge lolote kwao ni la kupelekwa kwa daktari.

Mjukuu wetu ametuomba tusitaje jina lake, nasi tumeitika. Amesema pia kwamba wenzake wawili sasa wanabeba taulo mkobani. Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshallah.